Uwiano wa 1.5 na mkopo uliokataliwa

NEEMA: Karibuni tena. Leo nipo na kaka Idd, aliyekaa miaka mingi idara ya mikopo benki. Kaniletea hesabu za kampuni ya kutunga, wauzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi, wanaoomba mkopo wa milioni 100 wakaongeze bidhaa. Nimeziangalia, dada yenu sijaona tatizo.

IDD: Umeangalia nini kwanza?

NEEMA: Mizania. Mali za muda mfupi milioni 600, madeni ya muda mfupi milioni 400. Nikigawanya napata 1.5. Mwaka jana ilikuwa 1.3, kwa hiyo hali imepanda.

IDD: Hapo ndipo watu wengi wanaponaswa. Fungua hizo 600. Kuna nini ndani?

NEEMA: Fedha taslimu 20, wadaiwa 180, bidhaa za stoo 400.

IDD: Mwaka jana bidhaa zilikuwa 250. Mauzo je?

NEEMA: Mwaka jana 1,180, mwaka huu 1,200.

IDD: Basi. Mauzo yamesogea kidogo tu, stoo imevimba kwa asilimia 60. Uwiano umepanda kwa sababu mzigo hautoki. Ukitoa bidhaa, inabaki 200 kwa deni la 400, yaani 0.5.

NEEMA: Lakini bidhaa ni mali, si zitauzwa?

IDD: Lini? Hilo linajibiwa na taarifa ya mapato. Gharama ya bidhaa zilizouzwa ni 960 kwa mwaka. Chukua 400, gawanya kwa 960, zidisha kwa 365, unapata siku 152. Wateja wa mkopo wanachukua kama siku 55 kulipa. Zote pamoja ni siku 207 tangu mzigo uingie mpaka hela irudi. Wanaowauzia mali wanawavumilia siku 84 hivi. Siku 123 zilizobaki, nani anazigharamia?

NEEMA: Ovadrafti, ile ruhusa ya benki ya kutoa hela kupita salio. Na naona imetoka 70 hadi 120.

IDD: Afisa mikopo mzuri hapo anavaa viatu anakwenda stoo, na anaomba orodha ya bidhaa kwa umri wake. Ukikuta vigae vya rangi isiyotakiwa tena na makopo ya rangi yaliyopita tarehe, hiyo 400 unaipunguza mwenyewe kabla ya kukokotoa chochote.

NEEMA: Sawa, upande wa madeni basi. Ovadrafti 120 na mkopo wa muda 240, jumla 360. Mtaji wa wenyewe 320. Deni ni kama mara 1.1 ya mtaji. Si balaa.

IDD: Soma maelezo ya chini. Ndani ya ule mtaji kuna 100 iliyotokana na kupandisha thamani ya kiwanja. Hakuna aliyeingiza shilingi. Mimi naitoa, inabaki 220, deni linakuwa mara 1.6. Ila kwangu swali kubwa ni je, biashara inazalisha hela ya kulipa?

NEEMA: Faida kabla ya riba na kodi ni 90, riba ni 54. Riba inalipika mara 1.7.

IDD: Riba, ndiyo. Na marejesho ya mkopo wenyewe?

NEEMA: Mbona siyaoni kwenye taarifa ya mapato?

IDD: Hutayaona. Marejesho si gharama, hayapiti pale. Yatafute kwenye mizania, sehemu ya mkopo inayoiva ndani ya mwaka: 60. Sasa chukua 90, rudisha uchakavu 20 maana hautoki mfukoni, toa kodi 11. Unabaki na 99. Linganisha na riba 54 na marejesho 60.

NEEMA: 99 kwa 114... 0.87. Wana faida na hawawezi kulipa rejesho!

IDD: Na wamelipa kila mwezi bila kuchelewa. Kwa hela ipi?

NEEMA: Ya ovadrafti. Mungu wangu.

IDD: Ndiyo maana naomba taarifa ya akaunti ya miezi 12. Ovadrafti ya kweli hupanda na kushuka. Hii ukiona haijawahi kushuka chini ya 70 mwaka mzima, hilo ni deni la kudumu. Tena kumbuka mizania ni ya siku moja, 31 Desemba. Mtu anaweza kukusanya madeni kwa wateja na kuchelewesha kuwalipa wanaomuuzia mali wiki ya mwisho, ikapendeza.

NEEMA: Kwa hiyo ungewanyima?

IDD: Milioni 100 ya kuongeza mzigo, hapana. Ningewaambia wauze bidhaa zilizolala hata kwa hasara. Wakipata 80 iende kwenye ovadrafti, riba inapungua kama 12. Mkopo wa 240 tuusambaze kwa miaka sita badala ya minne, rejesho liwe 40. Hapo uwiano wa kulipa unasogelea 1.2, kiwango ambacho benki nyingi huanzia mazungumzo.

NEEMA: Na mwenye kampuni akikataa kuuza kwa hasara?

IDD: Wengi hukataa, hasa kama vigae alivichagua mwenyewe. Basi faili narudisha.