Sambusa za friza kwa mzazi mwenye saa tatu

(Mazungumzo na wazazi wa darasa la awali na la kwanza, Temeke, Dar es Salaam)

Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Mwalimu, ahsante kwa nafasi. Wazazi wenzangu, nimewaona akina baba wawili kule nyuma, karibuni sana, leo hamtatoka mikono mitupu.

Nianze na saa, kabla ya fedha. Mimi nina watoto wawili hapa, mmoja awali, mmoja la tatu. Saa 1:30 niko njiani nao, saa 2 nimerudi nyumbani. Wa awali anatoka saa 5:30, kwa hiyo saa 5:15 nafunga mlango. Katikati hapo nina saa 3 na robo. Toa vyombo vya chai, toa kufagia, na siku moja ya wiki mtoto kaamka na homa hakwenda kabisa. Biashara yoyote nitakayoifanya lazima ienee ndani ya hizo saa zilizobaki.

Nilianza na maandazi. Maandazi yananunuliwa saa 12 na nusu mpaka saa 2 asubuhi. Na mimi saa 12 na nusu natafuta soksi ya mguu wa pili! Nilivumilia wiki tatu. Unga unaumuka, mtoto analia, mteja anagonga. Nikaacha nikidhani sina bahati na biashara, kumbe kosa lilikuwa saa. Jirani yangu akaingia kwenye vifaranga vya kuku wa nyama, naye akagundua vifaranga vya wiki ya kwanza vinataka joto usiku kucha, sawasawa na mtoto mchanga, na mtoto mchanga anaye tayari.

Nilichokuja kukitafuta ni kazi inayokubali kuachwa. Simu ya shule ikilia, niifunike kitambaa, niende, nikirudi niikute ilivyo. Na tena siku ya kutengeneza isiwe lazima iwe siku ya kuuza. Nikaangukia kwenye sambusa mbichi za friza. Mteja ananunua pakiti, anaweka kwake, anakaanga mwenyewe siku ya mgeni au wakati wa kufuturu. Wapo wazazi wa ofisini humu wanaozila wiki nzima.

Sasa nieleze inavyofanyika, maana ndani ya kazi hii kuna vipande vinne na kila kimoja kina siku yake.

Jumatatu ni nyama. Nikishawaacha watoto napitia Tandika, nanunua nyama ya kusaga kilo 1. Naichemsha na tangawizi, kitunguu saumu, limau na chumvi, bila kuongeza maji, mpaka maji yake yenyewe yakauke. Hapo ndipo wengi mnapokosea. Nyama inaonekana imeiva, mnaipua, kumbe chini bado kuna majimaji. Chukua kijiko, kibandike juu ya karatasi safi, hesabu mpaka 20, ondoa. Karatasi ikiwa na doa la mafuta, sawa. Ikilowa maji, rudisha jikoni. Vitunguu nakatakata vidogo kama robo tatu ya kilo, natia chumvi, nafikicha, nakamua maji, nachanganya na nyama iliyokwisha kupoa pamoja na pilipili manga. Ikipoa tu, inaingia kwenye friji. Isilale juu ya meza ikisubiri jioni, nyama iliyopikwa haitakiwi kukaa nje zaidi ya saa 2, na kwa joto letu hili la Dar mimi sifikishi saa moja.

Jumanne ni manda. Unga wa ngano kilo 1, chumvi, mafuta vijiko viwili, maji kama vikombe viwili na nusu, ukande uwe mgumu kidogo kuliko wa chapati. Uache upumzike nusu saa, na hiyo nusu saa ndiyo ya kufulia. Gawa madonge 16. Sukuma kila donge liwe kama kisosi, paka mafuta, nyunyiza unga, panga manne juu kwa juu, halafu sukuma yote manne kwa pamoja mpaka yafikie upana wa sahani ya wali. Weka kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, geuza upesi. Hatutafuti rangi, tunatafuta yaachane tu. Bandua moja moja yakiwa bado moto, maana yakipoa yanang'ang'aniana. Kata kila moja vipande vinne. Madonge 16 mara 4 ni manda 64. Zifunike kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, tia kwenye mfuko, weka friji.

Jumatano ni kukunja, na kukunja ndiko kunakokula saa. Unatengeneza gundi ya unga na maji, nzito kama uji wa mtoto. Unakunja koni, unatia kijiko kimoja cha nyama, unafunga, unabonyeza pembe. Ile pembe ya chini, tazameni hapa, isiwe na tundu hata la sindano. Mafuta yanaingilia hapo. Nilipoanza nilikuwa natumia dakika 2 kwa sambusa moja, nikafika 30 tu muda ukaisha. Sasa hivi 64 zinanichukua saa moja kasoro. Na hata nikiitwa katikati, zilizokunjwa ziko ndani ya friza, zilizobaki ziko chini ya kitambaa kwenye friji.

Jambo la kugandisha lina kanuni moja tu: zipange kwenye trei, moja moja, zisigusane. Ukizitia kwenye mfuko zikiwa laini utapata jiwe moja la sambusa, mteja atalipasua kwa kisu na atakusema kwenye kundi la Wasapu. Zikae saa 4 hivi. Gonga moja mezani, ikilia kama kokoto, tayari. Alhamisi asubuhi napakia 12 kwa kila mfuko, naandika tarehe. Kwangu mwisho ni mwezi mmoja.

Nikawahi kuharibu pia. Kuna siku nilikuwa na haraka, nikakunja nyama ikiwa vuguvugu. Mvuke ukalowesha manda kwa ndani. Kwa macho huoni kitu. Mteja kakaanga mbele ya wageni wake, zikafunguka, mafuta yakachafuka vipunje vyeusi kikaango kizima. Nilirudisha fedha za pakiti 3. Tangu hapo kila mzigo nakaanga 2 mwenyewe kabla ya kuuza. Mafuta yakitoa povu jingi na kurukaruka, kuna maji ndani, mzigo huo tunakula nyumbani.

Na mteja mwambie: asiziyeyushe. Zinatoka kwenye friza, zinaingia kwenye mafuta ya moto wa wastani. Mafuta yakiwa makali mno, nje inakuwa kahawia, katikati barafu.

Twende kwenye hesabu. Hii ni yangu ya mzigo mmoja, wewe utaweka bei za soko lako. Nyama 12,000. Unga 2,000. Vitunguu na viungo 2,500. Mafuta 500. Gesi 1,000. Umeme nimeuwekea 1,000. Mifuko 500. Jumla 19,500. Kati ya zile 64 mbili ni za majaribio, mbili za watoto, zinabaki 60, yaani pakiti 5. Nauza pakiti 6,000, napata 30,000. Kinachobaki ni 10,500. Kwa saa kama 5 za kazi. Nikishazoea nikafanya mizigo miwili kwa mpigo, maana kusafisha jiko na kwenda sokoni ni kulekule, nikawa napata 21,000 kwa wiki. Si fedha ya kujengea. Kwangu inalipa nauli, madaftari na mchezo wa wiki.

Umeme usiupite juujuu. Kama nyumba yako iko kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, la D1, mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, na uniti ni shilingi 100 kabla ya makato. Ukivuka, zile za juu zinakuwa 350, na ukivuka kila mwezi unahamishiwa kundi la kawaida ambalo uniti ni 292. Friza ndogo inaweza kula uniti 20 mpaka 30 kwa mwezi. Mtu aliyekuwa akitumia 60 sasa amevuka, na bei imepanda kwa taa na feni zake pia. Kwa hiyo kabla ya kununua friza, andika jumla ya uniti zilizotumika inayoonyeshwa na mita ya LUKU Jumatatu, andika tena Jumatatu inayofuata, toa, zidisha mara 4. Ujue umesimama wapi.

Umeme ukikatika, usifungue. Friza iliyojaa inashikilia baridi kama saa 48, iliyo nusu kama saa 24. Na kama hukuwapo nyumbani, weka kikombe cha barafu ndani, juu yake sarafu. Ukiikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka ikaganda tena, na nyama iliyeyuka pia. Usiuze.

Kuuza nauza kwa oda. Oda zinafungwa Alhamisi usiku, fedha inaingia kwenye simu kwanza, Ijumaa nakuja nazo kwenye boksi la baridi saa ileile ninayomfuata mtoto. Sizunguki mtaani, sipandi bodaboda. Mwanzoni niliuza kwa mkopo wa mwisho wa mwezi. Tuliache hilo, wadaiwa wengine tumekaa nao humu.

Likizo ya Juni na Desemba sitengenezi. Nilijaribu mara moja na watoto wote ndani, nikakuta unga kwenye redio. Wiki mbili kabla ya kufunga shule naongeza mzigo, nauza kidogo kidogo. Na Ramadhani ndiyo mavuno, mwezi mzima. Kwa kuwa inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, iangalie kwenye kalenda ya shule mapema, ujaze friza Shaaban.

Mama pale ameuliza kibali. Usajili wa vyakula tangu 2019 uko TBS, na kwa mdogo kama sisi mlango wa kuanzia ni SIDO. Pima afya kwanza, ndicho cha kwanza watakachokuuliza.

Na baba ameuliza kama lazima friza. Hapana. Anza na kile kichumba cha juu cha friji yako, kama kinagandisha maji yakawa jiwe. Trei moja inaingia, kilo nusu ya nyama, pakiti mbili na nusu. Uza hizo kwa mwezi, ndipo uende dukani.

Nimekuja na manda na nyama, ziko meza ya pembeni. Maji ya kunawa yale pale. Baba, anza wewe, tuone hiyo pembe ya chini.