Sufuria Moja ya Maharagi kwa Watu Tisa

FAIDA: Karibuni tena jikoni, tuko Kadutu, hapa Bukavu. Mvua inapiga mabati, mtuvumilie. Bahati, parselini kwenu mko wangapi sasa?

BAHATI: Tisa, Yaya. Koko mwenye tansio, na meno yamebaki manne. Papa, Mama, mimi, mdogo wangu anayefanya rejimu, watoto watatu wa kaka yangu wanaosoma, na ka mwisho ka miezi 10. Juma lililopita nilipika sufuria tatu kila siku. Alhamisi makala yakaisha.

FAIDA: Na Koko alikula?

BAHATI: Alisukuma sahani. Akasema, "Mimi sijalazwa."

FAIDA: Haya, hapo ndipo tuanze. Mzee ukimpikia kasufuria kake pembeni, umeshamwambia ni mgonjwa. Mimi napika maharagi katika sufuria moja, kilo moja na nusu kwa watu kama ninyi, lakini chumvi na mafuta haviingii humo kabisa.

BAHATI: Maharagi bila chumvi! Watoto watanifukuza.

FAIDA: Ngoja kwanza. Unayaloweka usiku, asubuhi unamwaga maji yale, unaweka mapya, unayachemsha kwa nguvu. Dakika kumi za kwanza yatokote kweli kweli, kwa sababu haragi bichi lina sumu inayotapisha, na moto mdogo hauiondoi. Kisha unapunguza. Sisi tuko karibu mita 1,500, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, kwa hiyo usishangae yakichukua saa mbili hata baada ya kulowekwa.

BAHATI: Mimi naweka tomati mapema ili mchuzi uwe mzito.

FAIDA: Ndiyo maana Koko anatafuna mawe! Tomati ina uchachu, na uchachu unalifanya haragi ligome. Chukua moja, libonyeze kwa ulimi juu ya kaakaa. Likivunjika lote, hata ngozi, hapo ndipo utie tomati, kitunguu, seleri na puaro. Usiniletee bikarbonati ya kulainisha. Nayo ina sodiamu, ni kama umemrudishia Koko chumvi kwa mlango wa nyuma.

BAHATI: Na ladha?

FAIDA: Ladha iko kwenye kikaango. Unakaanga vitunguu na vitunguu saumu katika mawese, moto wa kati. Ukiona mafuta yanatoa moshi na wekundu unapotea, umechelewa: ule wekundu ndio unaompa mtoto vitamini A. Vikiiva, kabla ya chumvi, unachota vijiko viwili vya Koko na kijiko kimoja kidogo cha katoto. Kisha unatia chumvi kwenye kilichobaki, na kila mtu anamwagiwa juu ya maharagi yake. Chumvi ikikaa juu ya chakula ulimi unaiona haraka, kwa hiyo ile ya kikaangoni inatosha watu saba. Kube acha, sehemu kubwa yake ni chumvi.

BAHATI: Mdogo wangu naye? Anasema maharagi yanamnenepesha.

FAIDA: Ulikuwa unatia mawese kiasi gani?

BAHATI: Glasi moja.

FAIDA: Glasi ya mililita 200, gawanya kwa tisa: kila sahani inabeba karibu kalori 180 za mafuta tu, na akiongeza upawa wa pili anaongeza na mafuta bila kujua. Sasa apime kijiko kimoja cha supu cha kile kikaango chenu, ni kama kalori 120 kikiwa mafuta matupu, na vitunguu vikiwemo ni chini ya hapo. Akitaka maharagi tena, aongeze maharagi. Bugali ndio apunguze, donge la ngumi moja, nafasi iliyobaki ajaze lengalenga. Wote mnakula lengalenga, hakuna atakayemtazama.

BAHATI: Ka mwisho nakapondea?

FAIDA: Ponda maharagi na mchuzi wake, tia kile kijiko cha mawese. Sambaza zilizokauka zipeperushe mchanga, zikaushe kwenye kikaango kitupu mpaka zivunjike kwa vidole, twanga, chekecha. Kijiko kimoja cha unga ule. Kwenye chekeche ndipo utaona miiba iliyobaki, usiivumilie.

BAHATI: Yaya, kuna jambo moja. Koko ana kichupa cha chumvi chini ya mto.

FAIDA: (anacheka) Wote wanacho! Usimnyang'anye, atanunua kingine. Mkatie ndimu, aikamulie mwenyewe mezani, na umpe pilipili. Mkono ukiwa na kazi, hauendi chini ya mto.

BAHATI: Nitajaribu Jumamosi.

FAIDA: Basi Ijumaa usilale bila kuloweka.