Asilimia 26 Hiyo ni Akina Nani?

MWANAIDI: Karibuni, wasikilizaji. Tunarekodi tukiwa Sinza, Dar es Salaam, na mvua inapiga bati juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo mtuwie radhi kwa kelele zitakazopenya. Leo tunauliza kama maskini wanaohesabiwa katika kila utafiti ni walewale, na nianze na tarakimu mbili. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2011/12 ulionyesha kwamba asilimia 28.2 ya wakazi wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na ule wa mwaka 2017/18 ukaonyesha asilimia 26.4. Kaka Kassim, msomaji wa gazeti huelewa kwamba katika kila maskini 28 wawili hivi wametoka, na 26 wamebaki palepale walipokuwa. Amesoma sawasawa?

KASSIM: Hapana, dada, ingawa simlaumu, kwa sababu tarakimu zenyewe zinamvuta asome hivyo. Utafiti ule ni wa wakati mmoja: kila awamu Ofisi ya Taifa ya Takwimu huchagua sampuli mpya ya kaya. Kaya iliyohojiwa mwaka 2012 haitafutwi tena mwaka 2018, na anayehojiwa safari hii ni mtu mwingine kabisa. Tunachopata ni idadi ya walio chini ya mstari katika kila awamu, lakini hatuambiwi kama ni walewale.

MWANAIDI: Tuchukue kaya 100 za kubuni ili msikilizaji aone tofauti.

KASSIM: Vema. Awamu ya kwanza kaya 28 ni maskini, na ya pili 26. Katika kijiji cha kwanza, kaya mbili zimetoka na hakuna iliyoingia. Katika kijiji cha pili, kaya 8 zimetoka, lakini 6 ambazo hapo awali zilikuwa salama zimetumbukia: 28 toa 8 ni 20, jumlisha 6 unapata 26. Vijiji vyote viwili vitaandikwa kwenye ripoti kwa tarakimu ileile, na mwandishi wa ripoti atakuwa hajasema uongo. Hata hivyo, katika kijiji cha kwanza umaskini umewahi kuzigusa kaya 28, na katika cha pili umezigusa kaya 34. Mwenyekiti wa kijiji cha kwanza anatafuta njia ya kuziinua kaya zilizokwama, ilhali mwenzake anapaswa pia kujiuliza ni kitu gani kinaziangusha zile zilizokuwa zimesimama: ugonjwa, kifo cha mkuu wa kaya, au mavuno mabaya.

MWANAIDI: Na Tanzania inafanana na kijiji kipi?

KASSIM: Inafanana zaidi na cha pili. Tangu mwaka 2008/09 tuna utafiti wa kufuatilia kaya, ulioanza na kaya 3,265 na kuzirudia kaya hizohizo katika awamu zilizofuata. Benki ya Dunia ilipotathmini umaskini wa Tanzania Bara katika ripoti yake ya mwaka 2019, ilieleza kwamba kati ya 2010 na 2015, kwa kila Watanzania wanne waliotoka katika umaskini, watatu waliingia. Uwiano wa 8 kwa 6 niliouweka katika mfano wangu nimeuchukua hapo. Hilo huwezi kuliona moja kwa moja kwa kupiga picha mbili za watu tofauti, hata kila picha ikiwa na kaya laki moja.

MWANAIDI: Kuna jambo ambalo wanafunzi wangu hulipinga kila mwaka. Ukifuatilia watu utasema wengi wanaoingia katika umaskini hutoka upesi, kisha ukurasa unaofuata unasema wengi wa maskini unaowakuta leo wamekaa humo muda mrefu. Wao huona kwamba mojawapo lazima iwe si kweli.

KASSIM: Zote mbili ni za kweli, na nyumba ya kulala wageni inatosha kulieleza jambo hili. Tuseme pale Manzese kuna nyumba yenye vyumba 10. Katika tisa wanakaa wapangaji wa mwaka mzima, na cha kumi hupata mgeni mpya kila wiki. Ukilisoma daftari la mapokezi mwisho wa mwaka, utakuta majina 61, na 52 kati yake, yaani asilimia 85, ni ya watu waliolala wiki moja tu. Lakini ukigonga milango usiku wowote ule, katika vyumba 10 utawakuta wapangaji tisa wa kudumu. Utafiti wa wakati mmoja unagonga milango. Wa kufuatilia unasoma daftari. Watafiti wa Marekani Mary Jo Bane na David Ellwood waliliona jambo hili mwaka 1986, walipochambua utafiti wa kufuatilia familia ulioanza kule mwaka 1968. Walihesabu urefu wa kila kipindi cha umaskini badala ya kuwahesabu tu maskini wa mwaka fulani.

MWANAIDI: Kusoma daftari kunataka mtu apatikane tena, na hapo ndipo kazi ilipo. Miaka ya nyuma niliwahi kuwa mdadisi katika mradi mmoja ambao sitautaja. Nilitumwa Tandale kuitafuta kaya ya mama mmoja na wanawe watatu. Nilipofika, chumba kilikuwa na mpangaji mwingine, na mwenye nyumba aliniambia kwamba mama alihama baada ya mafuriko. Mjumbe wa shina alinielekeza kwa fundi cherehani aliyekuwa rafiki yake, na fundi akanipa namba ya simu isiyopatikana. Msimamizi wetu aliniagiza niandike “kaya imehama” na niende kaya inayofuata, kwa kuwa mafuta ya gari yalikuwa yamehesabiwa. Nililiandika, na mpaka leo neno hilo linanikera.

KASSIM: Linakukera kwa haki, kwa sababu kuhama si ajali inayompata mtu yeyote kwa bahati. Waliohama wana mwelekeo wao, ama wamepanda, ama wameshuka. Ukiwaacha, waliobaki kwenye sampuli watakusimulia habari za kubaki tu. Mfano ulio bora kuliko yote ninayoijua uko hapa kwetu, Kagera.

MWANAIDI: Ueleze polepole, maana huo ndio uliotuleta leo.

KASSIM: Kati ya mwaka 1991 na 1994, kaya 915 za Kagera zilihojiwa, nyingi kwa awamu nne zilizopishana kwa miezi sita hivi. Lengo la awali lilikuwa kupima athari za vifo vya watu wazima, hasa kutokana na ukimwi, ambao ulikuwa umeuumiza sana mkoa huo. Mwaka 2004 watafiti walirudi na kanuni ngumu: hawakutafuta nyumba, bali kila mtu aliyewahi kuandikwa katika dodoso la zamani, popote alipo, iwe kijiji jirani, Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo ya mpaka nchini Uganda. Mtoto wa miaka 9 wa mwaka 1991 sasa alikuwa na miaka 22, pengine ameolewa na ana kaya yake. Kwa hiyo kaya 915 zilizaa zaidi ya 2,700, na walipowafuata tena mwaka 2010 zilizidi 3,300. Ukiacha kaya ambazo watu wake wote walikuwa wamefariki, mwaka 2004 walimpata angalau mtu mmoja katika asilimia 93 ya kaya za mwanzo.

MWANAIDI: Na waliohama walikuwa na hali gani?

KASSIM: Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon ndio waliochambua. Miongoni mwa waliobaki katika kijiji kilekile, kiwango cha umaskini kilipungua kwa takriban pointi 4 za asilimia katika miaka hiyo 13. Miongoni mwa waliotoka nje ya Kagera kilipungua kwa takriban pointi 23. Mdadisi ambaye angegonga milango ya zamani tu na kuandika “kaya imehama” angeripoti kwamba watu wa Kagera hawakusonga mbele kwa kiasi cha kusemwa.

MWANAIDI: Hapo msikilizaji makini atakukatiza, kaka. Labda waliohama ni wale waliotoka kwenye familia zenye uwezo, au waliosoma, nao wangepanda hata wangebaki.

KASSIM: Ndiyo maana hawakulinganisha mhamaji wa familia hii na mkaaji wa familia ile. Waliwalinganisha watu waliokuwa wakilala chini ya paa moja mwaka 1991, kwa mfano ndugu wawili, mmoja akabaki shambani na mwingine akaondoka. Mali ya baba, ubora wa shamba na umbali wa barabara ni vilevile kwa wote wawili, kwa hiyo havielezi tofauti yao. Hata baada ya hapo, kuhama kuliongeza ukuaji wa matumizi kwa pointi 36 za asilimia. Kutoka kwenye kilimo kulisaidia, lakini katika sekta yoyote aliyehama alikua zaidi ya aliyebaki. Bado kuna tundu: ndugu aliyeondoka huenda ndiye mwenye ujasiri kuliko mwenziwe, na ujasiri hauandikwi katika dodoso. Walijaribu kuliziba kwa njia nyingine za kitakwimu, lakini mimi nisingeisoma pointi 36 kama ahadi kwa kila anayepanda basi.

MWANAIDI: Nikukatize na mimi. Kuna kasoro ambayo utafiti wa kufuatilia unaibeba vibaya zaidi, nayo ni makosa ya kipimo. Mwaka 2017/18 mstari wa umaskini ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja. Tuchukue kaya ambayo matumizi yake halisi kwa mtu mzima ni 50,000, wala hayabadiliki. Awamu ya kwanza mama anasahau dagaa na mkaa wa siku saba zilizopita, inaandikwa 47,000. Awamu ya pili anahojiwa wiki yenye mgeni, inaandikwa 54,000. Kwenye jedwali letu kaya hiyo “imetoka katika umaskini,” ilhali hakuna lililotokea isipokuwa kusahau na ugeni. Katika picha moja, makosa ya namna hii yanaweza kufidiana kwa kiasi, huyu akizidisha na yule akipunguza. Katika kufuatilia, kila kosa linageuka kuwa safari ya kupanda au kushuka.

KASSIM: Nakubali, na kuna namna ya kulishuku. Kwanza tazama waliovuka walivuka kwa kiasi gani, maana wakiwa wote wamejazana karibu na mstari, sehemu ya mwendo huo ni kelele. Kisha tazama vitu ambavyo havisahauliki kirahisi: je, kaya iliyopanda imebadili makuti kuwa bati, imenunua mbuzi, mtoto amerudi shule? Awamu tatu au nne ni bora kuliko mbili, kwa sababu kosa la safari moja hujisahihisha safari inayofuata. Na mwezi wa mahojiano lazima ulingane, kwani kaya ya mkulima iliyohojiwa wakati wa mavuno haiwezi kulinganishwa na hiyohiyo iliyohojiwa kabla mahindi hayajakomaa.

MWANAIDI: Tusisahau kwamba sampuli ya kufuatilia pia huzeeka. Kaya zilizochaguliwa mwaka 2008 hazina wahamiaji walioingia nchini baada ya hapo, na mwaka 2014/15 sehemu kubwa ya sampuli yetu ilibadilishwa. Kwa swali la “wangapi mwaka huu,” mimi bado ningetumia utafiti wa wakati mmoja, wenye sampuli kubwa na mpya.

KASSIM: Na mama wa Tandale, hukumtafuta tena?

MWANAIDI: Nilikutana naye kwa bahati tu, miaka miwili baadaye, Chanika, anauza mbao. Alikuwa na vijana wawili wanampakilia mzigo, na alinikumbuka kwa sare yangu. Katika data zetu bado yuko Tandale, chini ya mstari.