Sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa mkoani Mwanza: namna ya kuzipima na kuziandikia kimo

Karibu, mtazamaji. Katika video hii tutapima tofauti ya kimo kati ya ukingo wa Ziwa Viktoria na kilele cha mojawapo ya vilima vya mawe vilivyo nyuma ya mji wa Mwanza, kisha tutaona namba ipi inastahili kuandikwa kwenye kumbukumbu na kwa nini watu wawili waliopima vizuri wanaweza kuleta namba zinazopishana. Vipimo vya kilima na vya ukingoni nitakavyovitumia nimevipanga kwa ajili ya somo, ili hesabu ziwe rahisi kufuatwa. Mengine yote ni mambo halisi ya kazi hii.

Hatua ya kwanza ni kuamua unapima nini, kabla hujagusa chombo chochote. Kwa upande wa juu, kimo cha mlima ni cha ardhi au mwamba wa asili, si cha mnara wa simu uliosimikwa juu yake wala cha nguzo ya zege ya wapima ardhi. Upande wa chini una utata zaidi. Ardhi ya Mwanza inateremkia ziwani, kwa hiyo sehemu ya chini kabisa ya nchi kavu ni pale maji yanapogusa ufuko. Mtu anaweza kudai kwamba sehemu ya chini kabisa ni sakafu ya ziwa, na hakosei kimantiki, kwa kuwa Ziwa Viktoria lina kina cha takriban mita 80 mahali palipo kirefu zaidi. Hata hivyo, desturi ya orodha nyingi za vimo ni kuhesabu uso wa maji, na ndivyo tutakavyofanya hapa, lakini chaguo hilo lazima liandikwe.

Hatua ya pili ni kutafuta vilele vinavyogombea nafasi ya kwanza. Fungua ramani ya topografia ya kipimo cha 1:50,000 na uangalie kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, zilizojifunga juu ya vilima. Kontua zikipishana kwa mita 20, kilele kilicho ndani ya kontua ya mwisho kinaweza kuwa mita moja juu yake au mita 19, na ramani haikuambii ipi. Kwa hiyo usichague kilima kimoja. Chukua vyote ambavyo kontua yao ya mwisho ni ileile, pamoja na vile vilivyo kontua moja chini yake.

Wengi siku hizi hutumia data ya rada iliyopigwa kutoka angani mwaka 2000, ijulikanayo kama SRTM. Inasaidia, ila ina tabia inayoumiza hasa huku kwetu. Kila namba yake ni wastani wa eneo lenye upana wa takriban mita 30. Kilele cha Mwanza mara nyingi ni jiwe moja la graniti lililokaa juu ya mengine, jembamba kuliko eneo hilo, hivyo wastani hulipunguza jiwe hilo mita kadhaa. Kilima cha jirani chenye mgongo mpana na miti mingi, kwa upande wake, huongezewa kimo, kwa sababu rada husoma karibu na vichwa vya miti. Vilima viwili vinaweza kubadilishana nafasi kwa njia hiyo. Ukiona vilele viwili vimepishana kwa chini ya mita 15 kwenye data hiyo, hesabu kwamba bado hujui kipi ni kirefu.

Hatua ya tatu ndiyo itakayochukua muda wetu mwingi: kuchagua datamu, yaani uso ambao tunauita sifuri. Tunaposema mita juu ya usawa wa bahari, swali la haki ni bahari ipi na ilipimwa wapi. Mtandao wa vimo vya Tanzania unaanzia kwenye wastani wa maji ya bahari uliopimwa Tanga. Kenya huanzia Mombasa. Ramani za Uganda hutumia datamu ya Khartoum Mpya, iliyofuata njia ya Nile kutoka upande wa Mediterania. Ziwa ni moja na uso wake hauna ngazi katikati, lakini nchi tatu zinazoligawana zimelifikia kwa njia tatu tofauti, na kila njia imebeba makosa madogo ya mamia ya kilomita za kupimia. Ndiyo maana hupaswi kuchukua kimo cha ziwa kutoka kwenye kitabu cha Uganda na kukitoa kwenye kimo cha kilima kutoka ramani ya Tanzania, kisha ukadhani jibu ni urefu wa kilima juu ya maji.

Kuna sifuri nyingine inayopotosha zaidi. Mwezi Mei 2020 kulitangazwa kwamba maji yamefika mita 13.42 pale Jinja, nchini Uganda, yakazidi kidogo kilele cha mwaka 1964 cha mita 13.41. Namba hizo si kina cha ziwa wala si kimo juu ya bahari. Ni usomaji wa mita ya maji ambayo sifuri yake iliwekwa kwa uamuzi wa walioisimika. Inafaa sana kulinganisha mwaka na mwaka mahali hapohapo, na haifai kitu kingine mpaka ujue sifuri hiyo iko wapi kwenye datamu.

Sasa twende ukingoni. Kwenye kioo unaona alama ya kimo, kipande cha chuma kilichofungwa kwenye zege, ambayo kumbukumbu za upimaji zinasema iko mita 1,137.46 kwa datamu ya Tanga. Tunasimamisha levo, yaani darubini inayotazama kwa usawa kamili, katikati ya alama na maji, ili masafa ya pande zote mbili yalingane na kosa la chombo lijifute lenyewe. Stafu ya kwanza, yaani fimbo yenye namba za kusomwa kupitia levo, inakaa juu ya alama na ya pili juu ya kigingi kilichopigwa hadi usawa wa maji. Kigingi hicho kiweke ndani ya bomba lenye matundu madogo, kwa sababu mawimbi huingia polepole humo na maji hutulia. Pima alfajiri kabla upepo wa ziwani haujaanza, na urudie kwa siku kadhaa, kwani upepo unaosukuma maji kuelekea ghubani unaweza kuyainua kwa sentimita kadhaa bila ziwa lenyewe kuongezeka. Tukipata wastani wa mita 2.31 kutoka alama hadi maji, uso wa ziwa siku hizo ni mita 1,135.15.

Hatua ya nne ni kupeleka kimo hicho juu ya kilima kwa kipokezi cha setelaiti cha wapima ardhi, chenye kusoma masafa mawili ya mawimbi ya redio. Tunakiweka kwanza juu ya alama ya ukingoni kwa saa kadhaa, kisha juu ya jiwe la kilele kwa muda uleule. Pima urefu wa antena mwanzoni na mwishoni, na uandike kama umepima wima au kwa mshazari, kwa kuwa hapo ndipo kosa la sentimita kadhaa hujificha bila kuonekana kwenye hesabu yoyote. Kama kuna mnara wa simu karibu, sogea mbali nao, kwa kuwa mawimbi yanayorudi kutoka kwenye vyuma vyake huharibu usomaji, kisha hamisha kimo hadi kwenye jiwe kwa levo.

Setelaiti hazijui bahari. Hupima kimo kutoka kwenye elipsoidi, umbo la kihesabu lililolainishwa, ilhali maji hufuata jeoidi, uso unaopandishwa na kushushwa na tofauti za mvutano wa dunia. Katika Tanzania jeoidi iko chini ya elipsoidi, na huku kanda ya ziwa pengo hilo ni mita kumi na kadhaa. Kanuni ni hii:

```
H = h - N
```

H ni kimo juu ya usawa wa bahari, h ni kimo cha setelaiti, na N ni kimo cha jeoidi, ambacho kwetu ni namba hasi. Kutoa namba hasi ni kuongeza. Anayesahau alama ya kutoa hushusha kimo badala ya kukipandisha, na kosa lake huwa mara mbili ya N, yaani zaidi ya mita 30 katika mfano wetu. Dalili ya tatizo hili utaiona hata kwenye simu: simu nyingi za Android hutoa kimo cha elipsoidi, kwa hiyo ukisimama ufukweni na programu ikakuonyesha takriban 1,120 badala ya takriban 1,135, simu haijaharibika, inatumia tu sifuri nyingine.

Juu ya alama yetu kipokezi kimesoma h ya mita 1,120.58, na modeli ya jeoidi ya EGM2008 tuseme imetupa N ya −16.40, hivyo H ni 1,136.98. Kumbukumbu zilisema 1,137.46. Pengo la mita 0.48 si kosa la kipokezi. Ni tofauti kati ya modeli ya dunia nzima na datamu ya Tanga kama ilivyofika hapa. Kwenye kilele h ni 1,291.74 na N ni −16.35, hivyo H ya modeli ni 1,308.09. Tukiongeza 0.48 tunapata mita 1,308.57 kwa datamu ya Tanga. Kutoka alama hadi kilele ni mita 171.11, na kutoka uso wa ziwa ni mita 173.42. Tofauti hizi mbili hazibadiliki hata ukibadilisha datamu, mradi ncha zote mbili zimepimwa kwa datamu moja.

Hakiki kwa njia isiyotegemea setelaiti. Kwa teodolaiti, yaani darubini ya kupimia pembe, iliyo juu ya alama, kilele kikiwa umbali wa mita 2,600, pembe ya wima inatoa mita 170.66 baada ya kuhesabu urefu wa chombo. Bado kuna mviringo wa dunia unaokishusha kilele machoni petu, na kupinda kwa mwanga hewani kunakokirudisha juu kidogo. Kwa pamoja marekebisho ni takriban 0.0675 mara mraba wa kilomita, yaani mita 0.46, na jibu linakuwa 171.12. Sentimita moja ya tofauti inaridhisha. Usifanye kipimo hiki adhuhuri, wakati joto la mawe linafanya picha ya kilele itetemeke kwenye darubini.

Kupinda kwa mwanga huko kunakuwa tatizo kubwa umbali unapoongezeka, na Kilimanjaro ni ushahidi. Mita 5,895 tunazozifahamu zilitokana na upimaji wa pembe wa mwaka 1952. Upimaji wa setelaiti wa mwaka 1999 ulitoa 5,892.55, na ule wa mwaka 2008, uliounganishwa na vipimo vya mvutano wa dunia, ukatoa 5,890.79. Mlima haukushuka mita nne. Kilichobadilika ni njia ya kupima na namna ya kuitafuta jeoidi chini yake.

Hatua ya mwisho ni kuandika. Kwa kilele chetu andika: mita 1,308.6, datamu ya Tanga, setelaiti iliyofungwa kwenye alama ya ukingoni, juu ya mwamba wa asili. Desimali moja inatosha, kwa sababu kimo cha alama yenyewe kimetoka mbali na hakistahili kudaiwa sentimita. Kwa sehemu ya chini ongeza tarehe, maana kati ya maji machache ya mwaka 2006 na mafuriko ya mwaka 2020 uso wa ziwa ulipanda kwa zaidi ya mita mbili na nusu, na mwamba wa kilele haukusogea. Anayetaka kutaja urefu wa kilima juu ya ziwa ataje na siku aliyoyapima maji.