Nyumba inakaa utupu: jua kwanza bantu banakwama kwa mulango gani

Jambo ba papa na ba mama, jambo bandugu bote. Asanteni kwa kukuya na hii jua.

Leo nitaongea kitu moja tu, nyumba ya kupangisha yenye iko na kila kitu ila mupangaji. Hapa kwetu Lubumbashi, nyumba ikikaa myezi mbili bila mutu, mwenye nyumba anashusha bei ao anafukuza komisionere, na yote anafanya bila kujua bantu banakwama wapi. Ni kama kunywa dawa ya malaria juu kichwa inauma, pengine iko jino.

Mutu anapita milango ine mbele ya kulala kwako. Anasikia bei na anapiga simu. Anakuya kuona. Anasema "nataka, tuongee". Kisha anatosha feza na anasaina kontra. Kama simu hazilie, ugonjwa iko kwa bei, kwa picha ao kwa komisionere. Kama bantu banakuya na banarudia kimya, ugonjwa iko ndani ya nyumba ao ku avenue. Na kama banasema banataka kisha banapotea, basi angalia masharti yako mwenyewe.

Nieleze nyumba moja ya Bel-Air, ku Kampemba, vyumba mbili na saluni, dolari 300 kwa mwezi. Ilikuwa imekaa utupu wiki kumi na moja. Mama mwenye nyumba alikuya kuniona, jirani alikuwa amemuambia ashushe mpaka 250. Nikamuambia mama, tafazali usiguse bei kwanza, nunua kaye, na kwa wiki tatu andika kila simu, kila mutu mwenye anaingia, na kila mwenye anasema nataka.

Wiki tatu zikaisha, simu 26, vizite 15, mwenye alisema nataka hata mumoja hakuna. Lakini hapa muchunge sana, juu hesabu ya vizite inaweza kukudanganya. Komisionere wengi hapa banalipisha mutu feza ya vizite, anachukue nyumba asichukue, yeye amekula. Kwa hiyo iko na faida kuleta hata mutu mwenye hana uwezo wa ile bei. Namna ya kujua ni raisi, pale ku mulango, mbele ya kufungua, uliza mugeni kwa heshima: "Papa, balikuambia bei gani?" Kwa ile 15, bantu ine balikuwa bameambiwa 200. Bale tunabatosha ndani ya hesabu. Inabaki 11, na 11 bote balijua bei ya kweli mbele ya kutoka kwabo.

Fikirieni kidogo. Mutu anajua ni 300, anapanda taksi, anakuya, anaona, anakataa. Hakukataa 300, ile alikubali tangu ku nyumba yake. Alikataa kitu aliona, ao alisikia na pua. Kama mama angeshusha mpaka 250, angepoteza dolari 600 kwa mwaka na ile kitu ingebakia pale pale.

Sasa kujua ni kitu gani. Usiulize mutu pale pale "umeipenda?" juu atakujibu ndiyo kwa heshima tu. Mupigie kesho yake, umuambie nyumba unaitengeneza, unataka akusaidie, ni nini ilimuzuia. Mama alipigia bantu munane, batano bakasema kweli. Batatu balisema dushi inanuka. Mumoja alisema hakuna mayi. Mumoja alisema giza.

Harufu! Na mama alikuwa analipa mutu afagie ile nyumba kila wiki, akabishana na mimi kabisa. Lakini mutu alikuwa anafagia tu, hamwangi mayi. Chini ya kila shimo ya dushi, ya lavabo na ya choo kuko ile bomba ya kupinda, sifon, mayi yenye inabakia mule njo inafunga njia ya hewa ya foso. Nyumba ikikaa wiki nyingi bila mutu, sana sana kipindi ya kiangazi, ile mayi inakauka, na harufu ya foso inapanda moja kwa moja ndani. Njo kusema nyumba utupu inajiongezea utupu yenyewe, wiki ya kwanza hainuke, wiki ya sita inanuka, na wewe mwenye kuingia kila siku unaizoea.

Dawa yake ni ndoo ya mayi kwa kila shimo, kisha kijiko ya mafuta ya kupikia juu yake ili mayi isikauke mbio. Unarudilia kila wiki. Kama kesho yake harufu imerudi, hapo si kukauka, pengine bomba imepasuka ao balijenga dushi bila sifon kabisa, niliona nyumba nyingi za vile. Hapo ita plombye, usipoteze mayi yako.

Ya mayi nayo haikuwa maneno ya bei. Ile avenue Regideso inaleta usiku, bageni banakuya saa munane ya muchana, banafungua robine, kimya. Na tanki ya litre 1000 iko pale juu, haina kitu, juu hakuna mutu wa kuijaza. Tukajaza, na kila mugeni akafunguliwa robine mbele ya macho yake. Madirisha tukafungua saa moja mbele ya vizite.

Wiki tatu zingine, vizite tisa, na safari hii bane bakasema banataka. Mama akafurahi. Lakini wiki ikaisha, hakuna hata mumoja mwenye alisaina.

Usirudie kwa dushi tena, ule mulango umefunguka. Tuliangalia maneno ilikatikia wapi, na kwa bote bane ilikatikia siku moja, siku ya kutaja garanti. Mama alikuwa anaomba myezi sita. Ni 1800, ongeza mwezi moja ya komisionere, 2100 mbele hata ya kuleta kitanda. Na sheria 15/025 ya 31 Desemba 2015 inasema kwa nyumba ya kukaa garanti isipite myezi tatu. Mama aliogopa mutu mwenye halipi, na mi namuelewa, alishaumia. Lakini garanti kubwa haikuonyeshe mulipaji muzuri, inakuonyesha tu mwenye ana feza nyingi leo. Tukaweka myezi tatu, na kila mwenye anataka, mama anaongea na mwenye nyumba ya zamani na anaona kazi yake. Inakuwa 1200 yote. Akapigia bale bane, babili balikuwa bangali banatafuta, mumoja akasaina. Kwa 300.

Bei tunaishusha saa gani? Simu zikikosa, wakati picha zimepigwa muchana na bei imeandikwa wazi. Ukishusha mpaka 280, unapoteza 240 kwa mwaka, mwezi moja utupu ni 300, kwa hiyo pale usingojee.

Papa mumoja hapa mbele anauliza, yeye amepata vizite tatu tu na bote bakakataa, atengeneze nini? Papa, tatu haisemi kitu bado. Ngoja zifike kama kumi za kweli, na ubadilishe kitu moja kwa mara moja, ao hautajua ni gani iliponesha. Ila harufu, ile usingojee kumi. Leo ukitoka hapa, pitia kule na ndoo.