Viini Vinane, Mapigo na Nanomita: Kinachoamua Kasi ya Simu ya Bei ya Kati

Ndugu mafundi, wauzaji na wanafunzi mliofika jioni hii, nawashukuru kwa muda wenu. Nitazungumzia chipu tatu tu, kwa sababu wengi wenu hapa Kariakoo mmezishika mara nyingi, pengine bila kuzijua kwa majina yake. Zinaitwa Helio G37, Helio G85 na Helio G99, na zote ni za kampuni ya MediaTek ya Taiwani.

Mteja akiingia dukani huuliza prosesa ina viini vingapi na ina gigahezi ngapi, naye muuzaji humsomea yaliyoandikwa kwenye boksi. Tufanye vivyo hivyo. Chipu zote tatu zina viini vinane, kwa hiyo swali la kwanza halijatusaidia kitu. Kwa upande wa gigahezi, G37 inafika 2.3, G85 inafika 2.0, na G99 inafika 2.2. Anayehukumu kwa namba hizo ataondoka na G37 akiamini kwamba amechukua iliyo bora. Lakini ukizipima kwa kazi inayofanywa na kiini kimoja, G85 inaipita G37 takriban mara mbili, na G99 inaipita takriban mara tatu. Maelezo yangu yote ya leo yanatokana na tofauti hiyo, ambayo boksi halimwonyeshi mteja.

Tuanze na viini vyenyewe. G37 ina viini vinane vya aina moja, Cortex-A53, ambavyo ni viini vidogo vilivyobuniwa kwa ajili ya kubana matumizi ya umeme. G85 ina viini sita vidogo vya Cortex-A55 na viwili vikubwa vya Cortex-A75. G99 nayo ina sita vya Cortex-A55, lakini viwili vyake vikubwa ni Cortex-A76. Kwa hiyo mpangilio wa chipu hizi mbili za mwisho ni sita kwa viwili, na hivyo viwili ndivyo vinavyobeba karibu kila jambo ambalo kidole chako kinalihisi.

Tofauti ya kiini kidogo na kikubwa haiko kwenye ukubwa peke yake, iko kwenye namna kinavyosubiri. Mfikirieni mama lishe wa aina mbili. Wa kwanza anafuata zamu: ameinjika wali, na mpaka wali uive hagusi kisu wala kitunguu, anasimama tu kando ya jiko. Wa pili, wali ukiwa motoni, anakata kachumbari, anaunga maharage, anapanga sahani, na wali ukiiva anakuwa amebakiza kupakua tu. A53 na A55 ni mama lishe wa kwanza. A75 na A76 ni wa pili, kwani zinatazama mbele kwenye maagizo ya programu, zinachukua yale ambayo data yake iko tayari, na kuyatekeleza wakati agizo lililotangulia bado linangoja. Tena A53 inaweza kuanzisha maagizo mawili tu kwa pigo moja la saa ya prosesa, ilhali A76 inaweza kupokea na kufasiri maagizo manne.

Kusubiri huko si kwa muda mdogo. Prosesa ikihitaji data ambayo haiko kwenye kashe, yaani kumbukumbu ndogo iliyo ndani yake, inabidi iifuate kwenye RAM, na safari hiyo kwenye simu huchukua nanosekunde 100 au zaidi. Kiini chenye gigahezi 2 hupiga mapigo bilioni mbili kwa sekunde, yaani mapigo 200 ndani ya nanosekunde 100. Kiini kinachofuata zamu kinaweza kuyapoteza karibu yote 200 kwa kusimama.

Hapo ndipo tunapoona kwa nini kuongeza gigahezi peke yake kunaleta faida ndogo kuliko inavyotarajiwa. Chukueni kazi inayomaliza milisekunde 10 kwenye kiini cha gigahezi 2.0, ambapo milisekunde 5 ni za kukokotoa na 5 ni za kuingojea RAM. Pandisha mapigo hadi 2.3, ongezeko la asilimia 15. Sehemu ya kukokotoa itashuka kutoka milisekunde 5 hadi takriban 4.35. Sehemu ya kusubiri itabaki 5, kwa sababu RAM haijui wala haijali kwamba prosesa imeongezewa mapigo. Jumla ni 9.35. Asilimia 15 ya kwenye boksi imekuwa asilimia 6 na kitu tu mkononi mwa mteja. Kiini kinachoweza kufanya kazi nyingine wakati wa kusubiri kinaipunguza ile sehemu ya pili, ambayo gigahezi haziwezi kuigusa.

Sasa mtu ataniuliza: viini vinane vidogo vikishirikiana, havitafidia udhaifu wa kimoja kimoja? Vingefidia kama kazi ingegawanyika sawasawa. Lakini programu ya Android ina mkondo mmoja mkuu unaopokea mguso wako na kupanga kila kinachoonekana kwenye kioo, na hatua zake hutegemeana, ya pili ikisubiri jibu la ya kwanza. Tuseme kufungua programu fulani kunachukua sekunde 1 kwenye kiini kidogo kimoja, na kati ya hiyo, sekunde 0.7 ni za mkondo huo mkuu. Ukigawa sekunde 0.3 zilizobaki kwa viini vyote vinane bila hasara yoyote, utapata 0.7 na 0.0375, yaani karibu sekunde 0.74. Ukiuhamishia mkondo mkuu kwenye kiini kimoja chenye kasi maradufu, ile 0.7 inakuwa 0.35, na hata kama sehemu iliyobaki haikugawanywa kabisa, bado umemaliza ndani ya sekunde 0.65. Kiini kimoja kizuri kimevishinda vinane vilivyoshirikiana bila dosari.

Hali ni ileile kwenye kuteleza kwa picha. Kioo cha hezi 60 kinataka picha mpya kila milisekunde 16.7, na cha hezi 120 kila milisekunde 8.3. Mkondo mkuu ukichelewa, picha moja inarukwa, na jicho linaona mkwamo. Kwa maoni yangu, simu yenye viini vidogo vitupu kuwekewa kioo cha hezi 90 au 120 ni kumuuzia mteja kitu ambacho mara nyingi prosesa yake haitaweza kukitimiza.

Nimesema kwamba G99 ina A76 na G85 ina A75. Kuna jambo la pili linalozitenganisha, nalo ni teknolojia ya kutengenezea chipu. G85, sawa na G37, imetengenezwa kwa nanomita 12, na G99 kwa nanomita 6, zote katika viwanda vya TSMC. Msizichukulie namba hizi kama vipimo vya rula, kwa maana siku hizi ni majina ya vizazi vya teknolojia. Ile nanomita 12 ni maboresho ya nanomita 16, na nanomita 6 ni maboresho ya nanomita 7. Tunachopata kizazi kinapopanda ni transista ndogo zaidi zinazowaka na kuzimika kwa volteji ndogo zaidi, na uzito wa jambo uko kwenye volteji hiyo. Umeme unaoliwa na chipu inapofanya kazi unafuata kanuni hii:

```
P = C × V² × f
```

Herufi f ni kasi ya mapigo, V ni volteji, na C ni uwezo wa saketi kushika chaji, ambao hupungua transista zinapokuwa ndogo. Volteji inazidishwa kwa yenyewe. Mapigo yakipandishwa kwa asilimia 10, na ili yatulie volteji nayo ikapandishwa kwa asilimia 10, matumizi ya umeme yanakuwa 1.1 mara tatu kwa yenyewe, yaani 1.33. Umelipa theluthi moja ya umeme zaidi kwa kasi ya sehemu moja ya kumi, na umeme wote huo unageuka kuwa joto.

Simu haina feni. Mwili wake unaweza kutoa joto la wati chache tu kwa muda mrefu, na joto likizidi kiwango kilichowekwa, mfumo unapunguza mapigo ya viini vikubwa kwa nguvu. Kwa hiyo nanomita hazikuambii simu ina kasi gani dakika ya kwanza, zinakuambia kasi hiyo itadumu mpaka dakika ya ngapi.

Ushahidi mzuri ninaoufahamu ni wa chipu mbili za Qualcomm zilizouzwa wakati mmoja mwaka 2016. Snapdragon 650 ilikuwa na viini sita, viwili vikiwa vikubwa vya Cortex-A72, kwa nanomita 28. Snapdragon 625 ilikuwa na viini vinane vidogo vya A53, vya gigahezi 2.0, kwa nanomita 14. Xiaomi waliitumia ya kwanza kwenye Redmi Note 3 na ya pili kwenye Redmi Note 4, zenye betri zinazokaribiana sana. Ile yenye viini sita ilifungua programu upesi zaidi lakini ilipata joto na kumaliza chaji mapema, na ile yenye vinane ikasifiwa kwa kukaa na chaji ingawa ilikuwa nzito zaidi kwa kazi ya kiini kimoja. Hivyo nanomita nzuri haikuifanya A53 kuwa A72. G99 inapendeza kwa sababu imeunganisha viini vikubwa vizuri na teknolojia nzuri, jambo ambalo mnunuzi wa 2016 alilazimika kuchagua nusu yake.

Namalizia na jinsi ya kulithibitisha hili mezani kwako. Iunganishe simu na kompyuta yenye programu ya adb, washa USB debugging, kisha andika:

```
adb shell cat /proc/cpuinfo
```

Kwa kila kiini utaona mstari wa `CPU part`. Alama `0xd03` ni A53, `0xd05` ni A55, `0xd0a` ni A75, na `0xd0b` ni A76. Boksi linaweza kuandika lolote, lakini mstari huo unatoka kwenye simu yenyewe. Kisha soma mapigo ya kiini cha mwisho, ambacho kwenye mpangilio wa sita kwa viwili ni kimojawapo cha vile vikubwa:

```
adb shell cat /sys/devices/system/cpu/cpu7/cpufreq/scaling_cur_freq
```

Jibu linakuja kwa kilohezi, kwa hiyo kwenye G99 inayopiga mapigo yake yote utasoma 2200000. Soma simu ikiwa ya baridi huku mchezo mzito ukiendelea, kisha usome tena baada ya dakika 15 za mchezo huohuo. Hakikisha kwanza kwamba hali ya kuokoa betri imezimwa, maana nayo hupunguza mapigo. Namba ikiwa imeshuka sana na mgongo wa simu unachoma, tatizo ni joto, na kuondoa kava nene kunaweza kuleta nafuu unayoiona papo hapo. Lakini kwenye simu yenye viini vikubwa, namba ikibaki juu na mteja bado analalamika kwamba programu zinachelewa kufunguka, viini havina kosa. Angalia kama hifadhi imejaa, kama RAM imebanwa, na kama mtengenezaji wa simu ameweka hifadhi ya polepole ya eMMC, kwani G99 inaruhusu hifadhi ya kasi zaidi ya UFS 2.2 lakini haimlazimishi mtu kuiweka.