Ishirini na nne kwa thelathini na sita ya nini?
(Mhadhara kwa wachoraji, Dodoma)

Mbukwenyi! Haya, kaeni. Wanaonifahamu wanajua nitakachosema, na wengine nimeshawaona wanatabasamu. Tabasamuni tu. Nitaacha kulisema siku nitakapofungua galari zenu za mtandaoni nikute vipimo vimeandikwa vizuri.

Nimekuja na makaratasi mawili. Hili la mkono wa kushoto limezidi kidogo kaunta buku. Hili la kulia, naomba kijana mmoja anisaidie kulishika, linanifika kuanzia kidevuni mpaka mapajani. Yote mawili ni ishirini na nne kwa thelathini na sita. Hakuna aliyedanganya hapo. Dogo ni sentimita, kubwa ni inchi.

Sasa kisa chenyewe. Niliweka picha mtandaoni, wachuma zabibu wa Hombolo, wanawake watatu na makreti yao. Chini yake nikaandika: “24 x 36, 350,000”. Nikalala nimeridhika. Baada ya siku mbili mama mmoja wa Dar es Salaam akanipigia, sauti ya upole kabisa: “Mwanangu, picha nimeipenda, lakini laki tatu na nusu kwa kitu cha ukubwa wa daftari?” Nikachukia. Nikajisemea, huyu hajui sanaa. Nikamjibu kwa kiburi kwamba sanaa haipimwi kwa ukubwa, akanishukuru, akakata simu. Wiki nzima natembea na hasira zangu mpaka fundi fremu wangu, ambaye hata kuchora hajui, akaniuliza: “Kwani ulimwambia ni inchi?”

Piga hesabu hapo. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo picha yangu ni sentimita 91 kwa 61. Kwa eneo ni zaidi ya mara 6 ya ile aliyoiona yule mama kichwani mwake. Alikuwa ana haki ya kushangaa. Nilimpigia tena, nikaomba radhi, akacheka, lakini ukuta wake alikuwa ameshaununulia kitu kingine.

Na msiniambie “lakini picha si anaiona kwenye simu”. Anaona nini? Simu haina ukubwa. Picha ya sentimita 20 na picha ya mita moja na nusu zikishaingia kwenye simu zinajaza kioo kilekile kwa upana uleule. Watafiti wanaopiga picha michoro ya miambani, kama hii yetu ya Kondoa iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, huweka pembeni kijiti chenye alama nyeusi na nyeupe ili ujue mnyama yule ni wa kiganja au wa mkono mzima. Sisi tunaona aibu kuweka kiti cha plastiki. Piga picha mbili: moja ya mchoro peke yake, umenyooka, na nyingine mchoro ukiwa ukutani na kiti chini yake. Kiti cha plastiki kila mtu amekikalia, atapima mwenyewe.

Haya mambo ya inchi hatukuyazua. Hadibodi na plaiwudi tunanunua kwa futi, bao zima ni futi 4 kwa 8. Likatwe futi mbili mbili unapata miraba 8, na ndiyo maana picha za Tingatinga za mwanzo, za miaka ile ya 1968 hadi 1972 alipokufa mzee Edward Saidi Tingatinga, nyingi ni mraba wa takriban sentimita 60. Kwa hiyo kata kwa futi, hakuna ubaya. Lakini ukiandika, andika sentimita na uitaje kwa jina.

Halafu mpangilio. Kwenye sanaa kimo hutangulia, upana hufuata. Fundi fremu wengi wanaanza na upana, mpiga picha naye hivyohivyo. Matokeo yake mtu ana nafasi nyembamba kati ya dirisha na mlango, anasoma namba zako kinyume, picha inafika imelala wakati yeye alitaka iliyosimama. Andika maneno yenyewe: kimo, upana. Na useme kama ni pamoja na fremu au bila, kwa sababu fremu ya ubao wa sentimita 5 inaongeza sentimita 10 kwenye kimo na 10 kwenye upana. Maelezo yangu ya zabibu leo yako hivi:

Na. 14. Wachuma zabibu, Hombolo. Akriliki juu ya turubai. Kimo sm 91 × upana sm 61, bila fremu. Picha halisi, ipo moja tu. Sh 350,000, usafiri haumo.

Hilo neno “halisi” msiliruke. Ukiuza na nakala zilizochapwa, kila nakala iandikwe nakala, na kipimo cha karatasi yake na bei yake kando. Mtu akilipia nakala akidhani ni mkono wako, usije ukanitaja.

Bei. Najua, najua. “Bei njoo inboksi.” Mnasema mkiiandika mteja atakimbia. Anayekimbia Sh 350,000 atakimbia hata inboksi, tofauti ni kwamba atakuwa amekula saa yako nzima kwanza. Na wengine, tuseme ukweli, mnaificha ili mgeni na mwenyeji wapewe bei mbili. Wanaulizana, jamani. Mimi najumlisha kimo na upana, nazidisha kwa Sh 2,300: 91 na 61 ni 152, inakuja Sh 349,600, naifanya laki tatu na nusu. Nilijaribu kwanza kuzidisha eneo, Sh 63 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa picha hiihii bei inatoka karibu sawa, lakini ya 120 kwa 150 inavuka milioni moja na ya 30 kwa 40 inashuka mpaka Sh 75,600, haitoshi hata kulipa muda. Kwa kujumlisha, kubwa ni Sh 621,000 na ndogo Sh 161,000. Namba yako iwe yako, ila isibadilike picha kwa picha.

Naonyeshwa saa. Basi, njia ya kuulizia. Nina picha kumi na moja za mbuyu. Mtu akiandika “ile ya mbuyu bado ipo?” nami nikajibu “ipo”, tumekubaliana nini? Chini ya kila picha weka kiungo kinachofungua ujumbe wa WhatsApp ulioandikwa tayari, na namba ya picha ndani yake:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Naulizia%20picha%20halisi%20Na.14
```

Namba ya simu inaanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele. Ukiandika 07 kiungo hakikufikishi popote, na hutajua, kwa sababu aliyeshindwa hawezi kukupigia kukwambia. Kijaribu kwa simu ya mtu mwingine. Iliyouzwa iandike “imeuzwa”, iache hapohapo, ila uondoe kiungo chake.

Kuhusu usafirishaji sitafika leo. Tepu ipo hapa mezani, sentimita upande mmoja, inchi upande wa pili. Mama wa kitenge cha njano, nimekuona umeingia na picha kwenye gunia. Ilete mbele, anza na kimo.